Uvundo katika jokofu safi: Chanzo aghalabu ni kule kitambaa kisikofika

HARUFU mbaya inapozuka katika jokofu chafu, hakuna anayeshangaa. Kitendawili huanza pale mwenye jokofu anapotoa kila kilichomo, akaosha rafu kwa sabuni, akakausha kuta kwa kitambaa safi, kisha baada ya siku mbili au tatu akalakiwa na uvundo ule ule pindi afunguapo mlango.

Aghalabu hatua inayofuata huwa ni kuosha tena. Baadaye huwekwa kipande cha limau, halafu kisahani cha kahawa, halafu fundi akaitwa. Wapo ambao huishia kuliuza jokofu zima kwa bei ya kutupa, ilhali halikuwa na hitilafu yoyote.

Uvundo unaorejea baada ya usafi hutoka mahali ambapo kitambaa hakikufika. Mara nyingi mahali hapo ni njia ambayo maji hupitia yakitoka ndani ya jokofu hadi nyuma yake, njia ambayo wengi hutumia jokofu kwa miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Iwapo si hapo, basi kuna chakula kilichomwagika na kujipenyeza chini ya kitu kinachoonekana hakina sehemu ya chini.

Safari ya maji

Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya jikoni yenye joto na unyevu huingia ndani. Unyevu huo hukimbilia sehemu iliyo baridi zaidi na kugeuka matone au barafu nyembamba. Katika jokofu la kawaida lisilo na feni ndani, sehemu hiyo ni ukuta wa nyuma.

Kompresa, yaani lile pipa jeusi la chuma lililo nyuma upande wa chini, inaponguruma, ukuta huo hupoa na kushika barafu. Inapopumzika, barafu huyeyuka na maji yakatiririka chini. Jambo hili hutendeka mara nyingi kwa siku.

Maji hayo hupokelewa na mfereji mdogo ulio mwishoni mwa ukuta, juu kidogo ya droo za mboga. Katikati ya mfereji pana tundu dogo, ambalo aghalabu halizidi upana wa kidole. Tundu hilo huelekea kwenye mrija unaopenya ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya jokofu, ambako maji hudondoka katika beseni dogo la plastiki lililoketi juu ya kompresa. Joto la kompresa huyakausha polepole, ndiposa hakuna anayelazimika kuyamwaga.

Mpango huu ni mzuri mradi kinachopita ni maji matupu. Hata hivyo, maji huandamana na vitu vingine. Tone la maziwa huteleza nyuma ya rafu, jani la dhania hunata ukutani, na damu ya nyama iliyowekwa bila bakuli hufuata mteremko hadi mferejini. Vyote hivyo huelekea kwenye tundu lile lile.

Vikifika katika beseni, maji hukauka lakini uchafu hubaki. Siku inayofuata maji mengine huja, nayo hukauka, na uchafu huzidi kurundikana. Beseni huwa na giza, unyevu na joto la kompresa kwa wakati mmoja, na hayo ndiyo mazingira ambayo ukungu na bakteria huyapenda. Ndani ya mrija nako hujengeka utando wa utelezi ambao maji machache yanayopita hayawezi kuung'oa.

Yamkini msomaji atauliza jinsi harufu iliyo nje inavyorejea ndani. Jibu liko katika mrija huo huo. Mlango unapofungwa, hewa ya jikoni iliyoingia hupoa na kusinyaa, na jokofu likavuta hewa nyingine kujaza pengo. Mpira wa mlango ukiwa umeshika barabara, njia rahisi iliyobaki ni ule mrija, na mdomo wake wa nje uko hapo hapo juu ya beseni. Kwa hivyo, kila mlango unapofungwa, huenda jokofu likavuta pumzi moja ya uvundo.

Kadiri hewa ilivyo na unyevu mwingi ndivyo maji yanavyozidi kupita njia hiyo. Ndiyo maana tatizo hili husumbua zaidi Mombasa, Lamu na maeneo mengine ya pwani, na katika nyanda za juu huzidi wakati wa mvua.

Kutafuta kwa pua

Kabla ya kushika sponji, ni bora kutambua chanzo. Pua huzoea harufu kwa dakika chache tu, kwa hivyo anayechunguza anapaswa kutoka nje kwa muda, arudi, na kuamini anachokinusa mara ya kwanza. Wakati unaofaa zaidi ni asubuhi, baada ya mlango kufungwa usiku kucha.

Aina ya harufu huelekeza. Harufu ya chumba kilichofungwa au nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi huashiria ukungu, na hapo washukiwa wa kwanza ni beseni, mrija na mikunjo ya mpira wa mlango. Harufu kali ya kuoza humaanisha nyama, samaki au damu iliyopata pa kujificha. Harufu ya uchachu hutokana aghalabu na maziwa yaliyokaukia kwenye ukingo wa rafu.

Mahali nako hueleza mengi. Unusaji ufanywe katika sehemu tatu kwa zamu: kwenye tundu la mfereji, chini ya droo za mboga zikiwa zimetolewa, kisha nyuma ya jokofu karibu na kompresa. Ikiwa harufu ya nyuma ni kali kuliko ya ndani, hakuna haja ya kuendelea kusugua rafu kwani tatizo liko katika beseni. Ikiwa ni kali kwenye tundu lakini nyuma ni hafifu, mrija umeshika uchafu.

Iwapo shaka ingalipo, tundu linaweza kuzibwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa kwa muda wa saa tatu au nne, ndani pakiwa safi na pakavu. Harufu ikipungua waziwazi wakati huo, basi ilikuwa ikipanda kupitia mrija. Ikibaki vile vile, chanzo kiko ndani. Kitambaa kiondolewe mara tu jaribio linapokwisha, la sivyo maji yatafurika.

Kuna harufu moja isiyohusiana na usafi hata kidogo. Panapotokea harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, na hakuna samaki ndani, huenda waya au kifaa cha umeme kinapata joto kupita kiasi. Plagi ichomolewe mara moja na fundi wa umeme aitwe.

Mfano wa jokofu la muuza maziwa

Chukua mfano wa mama anayeuza maziwa freshi na maziwa mala katika kibanda kilicho mtaani mjini Nakuru. Anatumia jokofu la mlango mmoja alilonunua likiwa limetumika, lenye kisanduku kidogo cha barafu upande wa juu.

Stima inapotea Ijumaa jioni na kurejea Jumapili. Kilo mbili za nyama zilizokuwa katika kisanduku cha barafu zinayeyuka, na damu inateremka kwenye ukuta wa nyuma. Mama anaitupa nyama, na hapo anafanya vyema. Jokofu lililofungwa huhifadhi chakula salama kwa takriban saa nne tu baada ya umeme kukatika, na nyama iliyokaa siku mbili bila baridi haifai kuliwa hata ikipikwa sana.

Jumapili hiyo anaosha kila anachokiona. Kufikia Alhamisi, uvundo unamlaki mlangoni. Anaosha mara ya pili na ya tatu. Wateja wanaanza kulalamika kwamba maziwa yana ladha ya ajabu, na wawili wanahamia kibanda cha jirani. Malalamiko hayo yana msingi, kwa kuwa mafuta yaliyomo katika maziwa hunasa harufu upesi, na maziwa yasiyofunikwa huwa ya kwanza kuharibika ladha.

Fundi wa mtaani anamwambia kwamba gesi imeoza na sharti ibadilishwe. Kauli hii inafaa kupimwa kabla ya pesa kutolewa. Gesi ya jokofu huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, haiozi, na ikivuja jokofu hushindwa kugandisha. La mama huyu bado linatengeneza barafu na maziwa yanatoka yakiwa baridi. Kwa hivyo gesi haihusiki.

Asubuhi moja kabla ya kufungua kibanda, ananusa sehemu zile tatu. Ndani pana harufu ya wastani, kwenye tundu ni kali zaidi, na nyuma ya jokofu anashindwa kuinama kwa dakika moja. Chanzo kimejulikana.

Anahamisha maziwa hadi kwenye sanduku la kuhifadhi baridi lenye vipande vya barafu, anachomoa plagi na kusubiri saa moja, kwa kuwa kompresa iliyokuwa ikifanya kazi inaweza kumchoma mtu. Kisha analivuta jokofu taratibu kutoka ukutani likiwa limesimama wima.

Beseni lina tabaka la uchafu wa kahawia unaonata, na juu yake ukungu mweupe. Hiyo ndiyo damu ya ile Ijumaa, iliyopikwa polepole na joto la kompresa kwa muda wa juma zima.

Kusafisha beseni

Katika baadhi ya majokofu, beseni hushikiliwa na skrubu moja au mbili na hutoka kwa urahisi. Katika mengine limebanwa kabisa juu ya kompresa. Halipaswi kung'olewa kwa nguvu, kwani pembeni yake hupita mabomba membamba ya shaba yaliyobeba gesi, na moja likikunjika au kutoboka jokofu hupata hasara kubwa kuliko ile ya harufu. Isitoshe, majokofu mengi ya siku hizi hutumia gesi ya R600a ambayo hushika moto.

La mama wa Nakuru halitoki. Anavaa glavu, anakwangua uchafu kwa kijiko cha plastiki na kuufyonza kwa matambara ambayo anayatupa. Kisha anamimina kiasi kidogo cha maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, anayaacha kwa dakika 15, anasugua kwa mswaki wa zamani na kuyafyonza tena kwa sponji. Anarudia hadi maji yanapotoka meupe.

Baada ya uchafu kuondoka ndipo dawa ya kuua viini inapofaa. Kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato, huchanganywa na lita nne za maji. Beseni hupakwa mchanganyiko huo, huachwa kwa dakika kumi, kisha huoshwa kwa maji na kukaushwa. Kumimina dawa hiyo juu ya uchafu usiosuguliwa ni kupoteza dawa, kwa kuwa haipenyi tabaka nene.

Tahadhari moja haina mjadala: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala na dawa nyingine ya usafi. Ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu, na nyuma ya jokofu ni mahali pa kuinama kwa karibu.

Kuzibua mrija

Watu wengi hukomea kwenye beseni, na baada ya majuma mawili uvundo hurejea kwa sababu mrija haukuguswa.

Jaribio la kwanza ni la maji. Kikombe kimoja cha maji vuguvugu, yapata mililita 250, kimiminwe polepole katika mfereji huku mtu mwingine akitazama beseni. Mrija ulio wazi hupitisha maji yote kwa muda mfupi. Katika jokofu la mama huyu, matone machache yanatokea upande wa pili na maji mengine yanasimama mferejini.

Maji yanayosimama hivyo ni dalili kamili ya kuziba. Dalili nyingine inayofahamika na wengi bila kuelewa maana yake ni dimbwi dogo chini ya droo za mboga, linalorejea kila likipanguswa.

Kifaa kinachofaa kuzibua ni bomba kubwa la sindano lisilo na sindano yenyewe, ambalo hupatikana katika duka la dawa. Hujazwa maji vuguvugu, mdomo wake ukabanwa kwenye tundu, kisha maji yakasukumwa kwa nguvu ya wastani. Uchafu ukikataa kutoka, mshipi mnene wa kuvulia samaki uliopindwa mara mbili huweza kuingizwa na kuzungushwa taratibu.

Waya wa chuma, bisibisi au kijiti cha mishikaki havifai, kwani mrija ni wa plastiki nyembamba na hupita ndani ya povu la kuzuia joto. Ukitoboka humo, maji machafu yataingia katika povu na hapo harufu haitakuwa na tiba. Vivyo hivyo, maji yanayochemka yaepukwe kwa kuwa hupinda plastiki.

Katika mfano huu, mara ya tatu ya kusukuma maji inatoa jani la dhania lililogeuka jeusi, likifuatwa na kamasi ya rangi ya kijivu. Baada ya hapo maji yanapita bila kizuizi. Mama anamalizia kwa nusu lita ya maji vuguvugu iliyokorogwa kijiko kimoja cha mezani cha magadi meupe ya kuokea keki, akiyasukuma kidogo kidogo na kuyafyonza kutoka katika beseni kabla halijafurika.

Majokofu mengine huja na kijiti kidogo cha plastiki kilichochomekwa katika tundu. Wengi hukitupa wakidhani ni uchafu. Kazi yake ni kuzuia makombo kuingia, na kinafaa kuoshwa na kurudishwa.

Mabaki yaliyojificha

Siku inayofuata, harufu katika jokofu la mama wa Nakuru imepungua sana lakini haijakwisha. Ananusa tena kwa zamu. Nyuma hakuna kitu, na tundu halina harufu. Lakini chini, pale droo ya mboga inapokaa, pana uvundo hafifu wa damu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Juu ya droo hiyo pana rafu ya kioo iliyozungukwa na ukingo wa plastiki. Ukiitazama utadhani ni kitu kimoja, ilhali ukingo huo huchomoka ukivutwa kwa upole, na kati yake na kioo pana nafasi ambayo kimiminika hujipenyeza na kukauka. Mama anapouchomoa, anakuta mstari mweusi wa damu kando ya upande wa nyuma.

Ikumbukwe kwamba kioo kilichotoka katika baridi kisitiwe ndani ya maji moto papo hapo. Kiachwe kipate joto la chumba kwanza, la sivyo kitapasuka.

Mahali pengine pa kuchunguza ni chini ya reli za droo, nyuma ya vishikio vya chupa mlangoni, na ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango, hasa ule mkunjo wa chini ambako maziwa yanayodondoka hutuama. Mpira husafishwa kwa maji ya sabuni na mswaki laini, kisha hukaushwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kidole. Ukungu mweusi ulioingia ndani ya mpira uliopasuka hautoki, na mpira huo hubadilishwa.

Vilevile, kisanduku cha barafu kisisahaulike. Viini haviongezeki katika barafu, lakini harufu hukaa humo. Vipande vya barafu vilivyotengenezwa wakati wa uvundo vitupwe, kwani huibeba harufu hiyo hadi kwenye glasi.

Baada ya ukingo wa kioo kuoshwa kwa mchanganyiko wa vijiko viwili vya mezani vya magadi katika lita moja ya maji vuguvugu, mama anafanya jaribio la mwisho. Anaweka vikombe viwili vya maziwa ndani usiku kucha, kimoja kimefunikwa na kingine wazi. Asubuhi ananusa vyote viwili. Wakati wa tatizo, kikombe kilicho wazi kingetoa harufu. Sasa havitofautiani, na hilo ni thibitisho bora kuliko pua iliyozoea.

Majokofu yenye feni

Majokofu yasiyogandisha barafu ukutani hufuata kanuni iyo hiyo, ila sehemu zake zimefichwa zaidi. Mabomba ya baridi huwa nyuma ya ubao wa plastiki, kwa kawaida ndani ya friza, na feni husukuma hewa hadi upande wa chini. Kifaa maalumu cha joto huyeyusha barafu kila baada ya saa kadhaa, na maji hushuka kwa mrija hadi kwenye beseni.

Kwa sababu hewa ni moja, samaki aliyemwagika majimaji katika friza anaweza kunuka katika droo ya mboga. Mwenye jokofu la aina hii asihukumu kwa sehemu anayoinusia harufu. Atoe vyote katika friza na kukagua matundu ya hewa, kwani punje za mahindi, njegere na majimaji ya nyama hupenya humo.

Dalili ya mrija ulioziba katika jokofu hili ni tabaka la barafu kwenye sakafu ya friza. Mrija hapa huzibwa na barafu yenyewe. Jokofu lizimwe, milango iachwe wazi na taulo zitandazwe sakafuni hadi barafu iyeyuke yote, jambo linaloweza kuchukua siku nzima. Barafu isivunjwe kwa kisu. Ikiganda tena muda mfupi baadaye, hitilafu iko katika kifaa cha kuyeyushia, na kufungua ubao wa ndani ni kazi ya fundi.

Pale usafi unapofika kikomo

Kuna hali ambapo kazi yote hii haitafua dafu. Ukuta wa ndani ukiwa na ufa, na majimaji ya nyama yakapenya hadi kwenye povu la kuzuia joto, hakuna sponji wala dawa itakayoyafikia.

Njia ya kutambua ni kuliacha jokofu likiwa limeoshwa, limekauka, limezimwa na milango iko wazi kwa siku tatu au nne mahali penye hewa. Harufu iliyokuwa juu juu itatoweka. Ikiwa uvundo ungalipo na unasikika zaidi kwenye ufa au kiungo fulani, basi umo ndani ya ukuta. Anayenunua jokofu lililotumika anapaswa kulifungua likiwa limezimwa na kunusa viungo hivyo kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa baridi huficha harufu.

Limau, kahawa, makaa na magadi yaliyowekwa katika kisahani yana nafasi yake, lakini ni baada ya chanzo kuondolewa. Kahawa na limau kwa kiasi kikubwa hufunika harufu kwa harufu nyingine. Makaa na magadi hunasa kiasi fulani, ila hayawezi kushindana na beseni linalozalisha uvundo kila saa.

Kwa harufu iliyobaki katika plastiki yenyewe, njia iliyozoeleka ni kuzima jokofu, kulijaza magazeti makavu yaliyofinyangwa pamoja na makaa, kulifunga kwa siku kadhaa na kubadilisha magazeti yanapopata unyevu.

Mwenye kuhifadhi insulini au dawa nyingine ya baridi apange pa kuiweka kabla ya kuanza kazi. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji nyuzijoto kati ya 2 na 8, na isigusane na barafu moja kwa moja kwa sababu ikiganda huharibika.

Kuzuia uvundo usirejee hakuhitaji kazi kubwa. Nyama iwekwe ndani ya bakuli lenye kingo, rafu ya chini kabisa. Kikombe cha maji vuguvugu kipitishwe katika mrija mara moja kwa mwezi, na beseni litazamwe kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila baada ya stima kupotea kwa muda mrefu.

Aidha, desturi ya kuzima jokofu usiku ili kuokoa tokeni za umeme ikomeshwe palipo na chakula. Ndani hupata joto, barafu huyeyuka, na mlango uliofungwa huzuia unyevu kutoka. Kwa saa nane hivi kila siku, jokofu hugeuka kabati lenye giza na maji, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Jokofu lisilotumika lizimwe, likaushwe, beseni lake limwagwe, na mlango uachwe wazi ukiwa umezuiliwa kwa kitu imara ili mtoto asiweze kujifungia ndani.